Nyuso tisa, rangi saba: prompti ya mchoro wa ukutani

Pakia picha ya kikundi kwenye programu ya akili mnemba, andika "igeuze iwe mchoro wa ukutani wenye maumbo makubwa na rangi bapa", kisha bonyeza. Mara nyingi utarudishiwa ukuta. Utaona matofali yakichungulia chini ya rangi, plasta iliyobanduka pembeni, njia ya waenda kwa miguu chini ya picha, labda na michirizi ya rangi iliyochuruzika. Watu wako wamo, lakini wamepakwa juu ya ukuta ambao hukuuomba. Ukisogeza jicho karibu utakuta hata rangi si bapa: shavu linaanza na kahawia ya kung'aa, linaishia na kahawia ya giza, na katikati limefifishwa taratibu kama picha ya kamera.

Programu haijakuasi. Imejifunza kutokana na picha nyingi zilizoambatana na maelezo, na picha nyingi zinazoelezwa kuwa za michoro ya ukutani zilipigwa na mtu aliyesimama barabarani na kamera yake. Kwa hiyo ukiutaja mtindo huo unaagiza pia matofali, kivuli cha mti na lami. Ukiomba picha ya sura ya mtu, nako unaagiza zaidi ya ulichokusudia: uso mmoja katikati, kuanzia kifuani, ngozi laini, macho yanayometa. Watu wengine kwenye kikundi wanakuwa mapambo.

Ndiyo maana jina la mtindo nalipa nafasi ndogo sana ninapoandika prompti ya aina hii. Kinachofanya kazi ni kuyaandika yale maamuzi ambayo mchoraji angeyafanya kabla ya kufungua kopo la rangi: nani anabaki, mwanga unatoka upande gani, kivuli kinakatwa wapi, nani anapewa rangi ipi, na kipi hakichorwi kabisa. Usipoamua wewe, programu itaamua, nayo huamua kwa mazoea.

Nitatumia picha moja kuonyesha ninachosema. Ni ya wajitolea tisa wa bustani ya mtaa, wamesimama mstari mmoja chini ya mti, saa za mchana. Kuna mzee mwenye kofia, mama aliyejifunga kilemba, kijana mwenye miwani minene, na wengine sita. Mmoja amevaa fulana yenye maandishi. Wawili wamewekeana mikono mabegani. Jua limepenya majani, kwa hiyo kila uso una madoa ya mwanga. Ni picha ya kawaida kabisa, na karibu kila kitu ndani yake kinapingana na rangi bapa.

Kabla ya prompti kuna mkasi. Picha ina upana wa pikseli 4000, na kila uso una upana wa pikseli kama 220, kiasi kinachoonekana kuwa kingi. Lakini programu nyingi huipunguza picha kabla ya kuishughulikia. Ikishushwa hadi upana wa pikseli 1024, uso unabaki na pikseli 56 hivi. Zaidi ya hapo, modeli za kuchora picha za familia ya Stable Diffusion hazifanyi kazi juu ya pikseli moja kwa moja. Huibana picha kwanza, mara 8 kwa kila upande. Uso wa mzee sasa ni visanduku 7 kwa 7. Katika eneo dogo hivyo hakuna modeli itakayokumbuka kwamba pua yake ni pana na kidevu chake kimechongoka. Itaweka uso wowote unaotosha pale, na ndiyo maana kwenye picha za vikundi vikubwa watu wa pembeni hurudi wakiwa wageni, au watu tisa wanarudi wanane.

Kwa hiyo ninaikata picha vipande vitatu vya watu watatu watatu, kila kipande kikiwa na upana wa pikseli kama 1400. Kikishushwa hadi 1024, uso unabaki na pikseli 160, yaani visanduku 20 kwa 20. Hapo kuna mahali pa kuwekea sura. Napitisha mkato pale miili isipogusana. Wale wawili waliowekeana mikono mabegani lazima wakae kipande kimoja, la sivyo mkono utabaki unaelea bila mwenyewe. Vipande vitatu vinachorwa kwa prompti moja inayobadilika sehemu ya maelezo ya watu tu, kisha vinaunganishwa kwa mkono mwishoni. Kuna wanaopenda kuchagua watu watatu wenye sura za kuvutia na kuwaacha sita. Mchoro unaweza kupendeza zaidi, lakini ukishasema ni mchoro wa kikundi, jiandae kwa maswali ya hao sita.

Nabaki na kipande cha kwanza: mzee kushoto, mama katikati, kijana kulia.

Uamuzi mzito kuliko yote hapa ni wa mwanga. Rangi bapa maana yake eneo lina rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo, bila kufifia. Kivuli nacho kinageuka kuwa umbo lenye rangi yake na mpaka wake mkali. Sasa fikiria programu inapokutana na madoa ya jua yaliyopenya majani: inatii, na kila doa inaligeuza kuwa umbo. Mzee anapata kiraka cha njano kwenye paji la uso, viwili shavuni, kimoja puani, na anaonekana kama mtu mwenye ugonjwa wa ngozi. Programu haiwezi kujua kwamba madoa yale ni ya mti na si ya mzee, kwa hiyo unaiambia ipuuze mwanga wa kwenye picha na ichukulie kuwa kuna mwanga mmoja tu, kutoka juu kushoto, kwa watu wote watatu. Kila uso unapata eneo moja la nuru na eneo moja la kivuli, basi. Kivuli kinaanzia upande wa pua, kinashuka chini ya shavu na kuishia shingoni.

Bango la Barack Obama la mwaka 2008, lile la nyekundu, krimu na bluu, linaonyesha jinsi njia hii inavyoweza kwenda mbali. Mchoraji wake, Shepard Fairey, alitumia rangi chache tu, na vivuli vya uso ni vya bluu na nyekundu. Anayelitazama hashangai kuona uso wa bluu na nyekundu, kwa sababu umbo la kivuli liko mahali pake. Bango hilo lina somo jingine pia. Lilitokana na picha iliyopigwa mwaka 2006 na Mannie Garcia kwa shirika la habari la AP, na mgogoro wa haki za picha hiyo ulifika mahakamani, wahusika wakaumaliza kwa makubaliano mwaka 2011. Kugeuza picha kuwa maumbo hakumfuti aliyeipiga. Muombe ruhusa mpiga picha, kisha waombe waliomo, na kama kuna watoto waulize wazazi wao kabla hujaipakia popote, kwa sababu ukishaipakia, picha iko kwenye kompyuta za watu wengine.

Rangi sasa. Ninaanza na saba, na kila moja naiandikia jina lake la kawaida na namba yake:

```
krimu          #F4E6C8
haradali       #E3A72F
kijani         #1F7A5C
bluu ya usiku  #1B2A49
kahawia hafifu #C58A5A
kahawia ya kati #8A4F2D
kahawia nzito  #4E2A1A
```

Tatu kati ya hizo saba ni kahawia, na ni kwa makusudi. Ukiiachia programu ijichagulie rangi za ngozi, hutokea mojawapo ya mambo mawili. Ama watu wote wanapata kahawia moja, kana kwamba walizaliwa mapacha, ama mwenye ngozi nyeusi zaidi anapaushwa hatua moja au mbili ili macho na mdomo vionekane. Dawa niliyoizoea ni ngazi: kila mtu anapewa rangi yake ya ngozi, na kivuli chake kinakuwa ngazi inayofuata kwenda chini. Mzee ana kahawia hafifu, kivuli chake ni kahawia ya kati. Kijana ana kahawia ya kati, kivuli chake ni kahawia nzito. Mama ndiye mweusi kuliko wote watatu. Ngozi yake ni kahawia nzito na kivuli chake ni bluu ya usiku. Kijivu hakimo kabisa, kwa sababu kivuli cha kijivu juu ya ngozi ya kahawia huifanya ionekane imefunikwa vumbi.

Kisha nguo. Hapa watu wengi huangalia kama rangi zinapendeza pamoja na kusahau kuangalia kama zinatengana. Mchoro wa rangi bapa hauna mistari ya penseli wala vivuli laini vya kuonyesha mkono unaishia wapi na shati linaanzia wapi; mpaka wote unategemea tofauti ya weusi na weupe. Kwenye orodha yangu kuna mtego. Kijani na kahawia ya kati ni rangi mbili tofauti kabisa kwa macho, lakini zikigeuzwa kijivu, kwa kipimo cha 0 hadi 255, zote mbili zinaangukia karibu na 90. Kijana mwenye kahawia ya kati akivaa shati la kijani, ukimtazama kutoka mbali mikono yake inazama ndani ya shati. Kwa hiyo kijani namvisha mzee, ambaye ngozi yake iko karibu na 150. Kijana anapata haradali, iliyo karibu na 170. Mama mwenye kahawia nzito anapata krimu, na kwake tofauti ni kubwa kuliko kwa wenzake wote. Mandhari ya nyuma nayo ni krimu, na haileti shida kwa sababu mama yuko katikati na mabega yake yamezibwa na wenzake pande zote mbili. Kama angekuwa pembeni, ningelazimika kupanga upya.

Fulana ya kijana kwenye picha ilikuwa nyeupe. Kubadilisha rangi ya nguo sioni kama ni uongo katika mchoro wa namna hii, ila sare ya kazi au ya timu siigusi.

Baada ya rangi yanakuja maelezo ya watu. Inashawishi kuandika hisia: mzee mwenye busara, mama mwenye upendo, kijana mwenye ndoto. Maneno hayo hayana umbo. Programu ikisoma "busara" itampa mzee ndevu nyeupe ambazo hana. Katika rangi bapa, kufanana kwa mtu na mchoro wake kumekaa mahali pachache: umbo la jumla la kichwa pamoja na kofia au nywele, mstari wa nywele kwenye paji la uso, umbali kati ya macho, upana wa pua, taya, na namna kichwa kinavyoinama. Andika hayo, na andika kwa kulinganisha, kwa sababu modeli hizi hupenda kuwapa watu wote uso mmoja. Uso wa mzee ni mrefu na mwembamba kuliko za wenzake. Uso wa mama ni wa mviringo, shavu pana. Kijana ana taya ya pembe na kichwa kimeinama kidogo kulia. Kama pua tatu zimerudi zikifanana, hapo ndipo prompti yako haikusema kitu.

Umri una tatizo lake. Rangi bapa hufuta makunyanzi, na mzee wa miaka 70 anarudi akiwa na 35. Ukiandika "weka makunyanzi" utapata mtandao wa mistari myembamba, na ubapa umekufa. Afadhali kuchagua mistari miwili au mitatu tu inayobeba umri na kuifanya maumbo: mkunjo kutoka pua hadi pembe ya mdomo, mfuko mmoja chini ya jicho, shavu lililoingia ndani. Mkunjo uwe mnene, wa rangi ya kivuli chake. Vinatosha, na mzee anarudi kuwa mzee.

Meno nayo yanahitaji sentensi yake. Watu wakipigwa picha wanacheka, na programu inapenda kuchora kila jino. Kwa ukubwa wa ukuta, mdomo wenye meno yaliyotenganishwa kwa mistari unatisha watoto. Agiza meno yawe umbo moja la krimu lisilogawanywa. Miwani iwe fremu nene ya bluu ya usiku bila mng'ao wa kioo. Maandishi ya fulana yaondolewe kabisa, kwa sababu herufi zilizopita kwenye modeli mara nyingi hurudi zikiwa hazisomeki, na kama kuna jina la kikundi utaliandika mwenyewe baadaye.

Zikikusanywa, prompti ya kipande cha kwanza inasomeka hivi:

```
Chora upya picha hii kama mchoro bapa unaojaza fremu yote,
umetazamwa moja kwa moja kutoka mbele, kama faili ya kuchapisha.
Watu watatu, mahali palepale na mkao uleule wa kwenye picha.
Kila eneo lina rangi moja tu; kingo ni kali na safi.
Puuza madoa ya jua. Mwanga mmoja, kutoka juu kushoto:
kila uso una eneo moja la nuru na eneo moja la kivuli.
Kushoto: mzee, uso mrefu mwembamba, kofia ya bluu ya usiku,
mkunjo mnene kutoka pua hadi mdomo, ngozi kahawia hafifu,
kivuli kahawia ya kati, shati la kijani.
Katikati: mama, uso wa mviringo, kilemba cha haradali,
ngozi kahawia nzito, kivuli bluu ya usiku, blauzi ya krimu.
Kulia: kijana, taya ya pembe, kichwa kimeinama kidogo kulia,
fremu nene za miwani, ngozi kahawia ya kati,
kivuli kahawia nzito, fulana ya haradali isiyo na maandishi.
Meno ni umbo moja la krimu. Nyuma ni krimu tupu.
Tumia rangi hizi saba tu: #F4E6C8 #E3A72F #1F7A5C
#1B2A49 #C58A5A #8A4F2D #4E2A1A
```

Angalia kwamba matofali hayakutajwa popote, hata kwa kukatazwa. Programu zenye kisanduku tofauti cha mambo usiyoyataka, kile kinachoandikwa `Negative prompt`, zinaweza kupewa orodha ya makatazo na zikaielewa. Lakini ukiandika "usiweke matofali" katikati ya maelezo ya kawaida, modeli nyingine hulishika neno "matofali" na kuliacha "usiweke". Ni salama zaidi kusema unachotaka kionekane: mchoro unaojaza fremu yote, kama faili ya kuchapisha. Ukuta unakosa pa kukaa.

Urefu wa prompti unategemea unachotumia. Programu mpya zinazopokea picha pamoja na maagizo ya sentensi zinaumudu urefu huu, na baadhi zinasoma Kiswahili vizuri. Modeli za zamani kama Stable Diffusion 1.5 zina kikomo cha tokeni, yaani vipande vya maneno, 75 hivi kwa mkupuo, na sehemu yao ya kusoma maneno ilifundishwa zaidi kwa Kiingereza. Kwa hizo itabidi uandike Kiingereza kifupi, rangi na mwanga vikitangulia, na kazi ya kushika mkao uiachie nyenzo ya kufuata mistari kama ControlNet. Huko pia kuna kitelezi cha `Denoising strength` kinachoanzia 0 hadi 1. Kwenye 0.3 unapata picha ileile iliyotiwa chujio; kwenye 0.8 unapata watu usiowajua. Mimi huanzia 0.55 na kusogea kidogo kidogo, namba ya `Seed`, ile inayoamua mchoro unaanzia wapi, ikiwa imefungwa, ili nijue kilichobadilika kimebadilishwa na nini.

Kufunga `Seed` kunasaidia pia kwenye kurekebisha maneno. Ukibadilisha mistari minne kwa pamoja na picha ikawa nzuri, hujui mstari upi ulisaidia, na kipande cha pili kitakapogoma huna pa kuanzia. Badilisha mmoja. Ukiona uso wa mama umepauka, gusa mstari wa mama tu.

Kuna majaribio mawili ninayoyaamini kuliko macho yangu, maana macho yakishakaa na picha muda mrefu yanaanza kuisamehe. La kwanza ni kuipunguza picha hadi upana wa pikseli 100 na kuigeuza kijivu. Kama bado unaona watu watatu, vichwa vitatu vyenye maumbo tofauti, na mikono iliyotengana na nguo, mpangilio umesimama. La pili ni kumwonyesha mtu anayewafahamu wale watatu bila kumwambia ni akina nani. Akimtaja mzee kwa sababu ya kofia tu, mwonyeshe tena ukiwa umeziba kofia.

Ubapa wenyewe una kipimo chake, tena cha namba. Picha inayoonekana kuwa na rangi saba huwa na maelfu kwa maelfu ya rangi, kwa sababu modeli hainyunyizi rangi moja; inakadiria kila pikseli, na jirani wawili wanaoonekana sawa wanapishana kidogo. Namba za rangi ulizoandika kwenye prompti inazichukulia kama dokezo. Haradali yako itarudi ikiwa haradali, lakini si `#E3A72F`. Anayetumia ImageMagick, programu ya kushughulikia picha kwa amri za maandishi, anaweza kuhesabu na kusawazisha kwa amri mbili:

```
magick identify -format "%k" mchoro.png
magick mchoro.png -statistic Median 5x5 +dither -remap rangi.png bapa.png
```

Ya kwanza inataja idadi ya rangi zilizomo. Ya pili inalainisha chembechembe ndogo, kisha kila pikseli inapelekwa kwenye rangi iliyo karibu nayo katika faili ya `rangi.png`, ambayo ni picha ndogo yenye viraka saba vya rangi zile zile. Alama ya `+dither` usiisahau. Bila hiyo programu itachanganya vidoto vya rangi mbili ili kuigiza rangi ya tatu, na shavu litajaa mchanga. Hesabu tena baada ya hapo, safari hii kwenye `bapa.png`, na utakuta 7.

Hatua hii ina ukatili wake, na ndiyo inayoonyesha kama prompti ilikuwa nzuri. Kama modeli ilififisha shavu la mzee taratibu kutoka hafifu hadi kati, usawazishaji utalikata mahali popote penye nusu ya njia, na mpaka utakuwa umechongoka kama ramani ya pwani. Hilo huwezi kulirekebisha kwa amri nyingine. Rudi kwenye prompti, kwenye mstari wa mwanga, useme kivuli kinaanzia wapi hasa. Kama kingo zimetoka safi, unaweza kuiingiza `bapa.png` kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwa vekta, chini ya `Trace Bitmap`, ukapata maumbo ya vekta yanayokuzwa hadi mita kumi bila kuharibika, na kila rangi iko kwenye umbo lake.

Vipande viwili vilivyobaki vinafuata njia ileile. Tofauti ni kipande cha pili, chenye wale wawili waliowekeana mikono mabegani. Mkono ulioshika bega ndiyo sehemu inayoishinda prompti mara nyingi zaidi: vidole vinakuwa sita, au mkono unaota kutoka shingoni mwa jirani. Kuandika "vidole vitano" kunasaidia kidogo sana. Huwa naagiza kiganja kichorwe kama umbo moja lililofumba, vidole vikiwa vimeungana, na mstari mmoja wa kivuli kuonyesha kidole gumba. Ikigoma hata hapo, naufungua mchoro kwenye Inkscape na kulichora umbo lile kwa mkono. Ni vituo kumi na viwili hivi vya kubofya, na kazi inaisha haraka kuliko kubishana na prompti.

Wakati wa kuunganisha vipande, shida hujitokeza kwenye mishono. Kijana wa kipande cha kwanza ana fulana ya haradali. Kama jirani yake wa kipande cha pili naye amevaa haradali, mabega mawili yatakuwa doa moja. Panga nguo za watu tisa wote kwenye karatasi kabla ya kuandika prompti ya kwanza. Pale ambapo rangi mbili zinazofanana hazikwepeki, acha mstari mwembamba wa krimu kati yao, unene wa kama moja ya tano ya fremu ya miwani, uliochorwa kwenye vekta na si kwenye prompti, kwa kuwa ukiutaja huko programu itazungushia mstari kila kitu hadi kwenye nyusi.